Kusafisha picha ya uso, ngozi ibaki ngozi

Nilipokuwa bado mgeni studio, nilimkabidhi mama mmoja picha ya binti yake aliyeolewa wiki mbili kabla. Nilikuwa nimekesha nayo. Mama akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba, huyu wa kwangu umempeleka wapi? Mwanangu ana kidoti hapa." Akagusa juu ya mdomo wake mwenyewe, upande wa kushoto. Kidoti nilikuwa nimekifuta pamoja na chunusi, na mashavu nilikuwa nimeyapitishia ukungu hadi yakawa kama yai lililomenywa. Nikarudia kazi yote upya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisafisha nyuso kwa njia ninayoieleza hapa. Natumia Photoshop, kwa hiyo majina ya zana nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini. Mfano ni picha ya mhitimu mmoja aliyekuja na joho lake: kichwa na mabega, amesimama mbele ya ukuta wa rangi ya maziwa, mwanga wa dirisha unatokea kulia kwake. Faili ina pikseli 4000 kwa 6000. Kidevuni ana chunusi tatu mbichi. Shavu la kushoto lina madoa meusi ya chunusi zilizokwisha pona. Uzi mmoja wa rasta umekatiza shavu la kulia hadi karibu na mdomo, na juu ya kichwa nywele ndogondogo zimesimama, zinaonekana kama vumbi kwenye ule ukuta mweupe.

Kabla ya kugusa chochote, elewa plastiki inatoka wapi. Ngozi kwenye picha imebeba vitu viwili kwa pamoja. Kuna umbile, yaani vile vitundu vidogo, malaika na vijistari ambavyo kila kimoja kina upande wa mwanga na upande wa kivuli. Halafu kuna rangi na mwanga unaopanda na kushuka taratibu, kutoka paji la uso hadi shavuni hadi chini ya taya. Ukungu kama Gaussian Blur huchukua pikseli za jirani na kuzipigia wastani. Vitundu ni vidogo, kwa hiyo ndivyo vinavyokufa kwanza. Doa jeusi la chunusi ni kubwa kuliko kitundu, kwa hiyo doa linabaki, limefifia tu, na umbile lote limekwenda. Umepoteza kilichokuwa kizuri na ubaya haujaondoka. Jicho la mtu linaijua ngozi tangu utotoni, hivyo linashtuka hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kilichomshtua.

Kwa hiyo kila dosari iulize swali moja: kilichoharibika hapa ni umbile, au ni rangi peke yake? Chunusi mbichi imevimba, imeharibu vyote viwili. Doa la chunusi iliyopona limeharibu rangi tu, vitundu vyake ni vizima kabisa. Uzi wa nywele ni kitu kigeni kilicholala juu ya ngozi nzima. Ni kazi tatu tofauti, na kila moja ina zana yake.

Uliza kwanza, kisha andaa leya

Muulize mwenye uso kuhusu alama za kudumu. Mimi huuliza hivi: "Dada, kuna alama yoyote usoni unayotaka ibaki, au usiyotaka ionekane?" Vidoti, makovu ya zamani, chale, mwanya, hivyo ni vyake na uamuzi ni wake. Asipokuwepo wa kumuuliza, mimi huondoa kile ambacho baada ya wiki mbili kisingekuwepo usoni: chunusi, mkwaruzo, kipele cha wembe, alama ya mto wa kulalia. Vya kudumu naviacha.

Rekebisha mwanga na rangi ya picha nzima mapema, kabla ya kusafisha. Ukisafisha picha yenye giza halafu ukaipandishia mwanga, viraka ulivyodhani vimejificha vitajitokeza vyote.

Sasa fungua leya tupu juu ya picha, Ctrl+Shift+N, uipe jina "chunusi". Fungua nyingine uiite "nywele". Picha ya asili usiiguse kamwe. Chagua Healing Brush, na kule juu kwenye Sample weka Current & Below, ili zana isome ngozi iliyo chini lakini iandike kwenye leya tupu. Faida yake utaiona mwishoni, utakapotaka kurudisha sehemu ya ulichofuta.

Tazama picha kwa asilimia 100 unapofanya kazi. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Ukiikuza hadi asilimia 300, kila kitundu kinaonekana kama shimo, na mkono hautulii, unafuta mpaka visivyo dosari. Kumbuka pia kwamba picha ya inchi 8 kwa 10, ikichapishwa kwa pikseli 300 kila inchi, inahitaji pikseli 2400 kwa 3000 tu. Ulichokuwa unakihangaikia kwa saa nzima kwenye asilimia 300, mteja hatakiona hata akiibandika picha puani.

Chunusi mbichi

Healing Brush inafanya kazi hivi: unabonyeza Alt mahali penye ngozi safi, halafu unabonyeza kwenye chunusi. Zana inachukua umbile la pale ulipobonyeza Alt, lakini rangi na mwanga inavichukua kwenye ukingo wa pale unapopaka. Ukilielewa hilo, nusu ya makosa umeshayaepuka.

Kwa mhitimu wetu, kila chunusi ina upana wa pikseli kama 50. Naweka brashi ya pikseli 60, ivuke kidogo ukingo wa wekundu. Hardness naiweka juu, asilimia 80 hadi 100. Najua wengi hufundishwa brashi laini, na kwa kazi nyingine ni kweli, lakini hapa brashi laini inachanganya umbile jipya nusu na la zamani nusu pale ukingoni, na matokeo yake ni pete ya ukungu kuzunguka kila chunusi uliyofuta. Ukimaliza chunusi ishirini namna hiyo, una pete ishirini za ukungu, na ngozi imeanza kufanana na plastiki ingawa hukugusa Gaussian Blur.

Ngozi ya kuazima itafute karibu, kwenye sehemu ileile ya uso. Vitundu vya puani ni vikubwa na vimeachana. Vya chini ya jicho ni vidogo sana, karibu havionekani. Vya kidevuni viko katikati, na kwa wanaume vimechanganyika na mashina ya ndevu. Ukichukua ngozi ya chini ya jicho ukaipeleka kidevuni, utapata kiraka laini kinachong'aa peke yake. Angalia pia mwanga: kwa mhitimu wetu unatoka kulia, kwa hiyo kila kitundu, kwa kuwa ni shimo, kina kivuli upande wa kulia. Ngozi ya kuazima nayo lazima iwe imepigwa na mwanga wa upande huohuo.

Bonyeza mara moja kwa kila chunusi, usiburute. Ukiburuta brashi kwenye kidevu kizima unakuwa umekopi kipande kirefu cha ngozi, na jicho litakitambua. Baada ya chunusi mbili au tatu, badilisha mahali unapoazima. Dalili ya kwamba umesahau kubadilisha ni kuona vitundu vitatu vilevile, vimepangana vilevile, mahali pawili. Mimi huwa napata kosa hilo hasa kwenye paji la uso, kwa sababu ni pana na mkono unazoea.

Chunusi moja ya mhitimu huyu imekaa ukingoni mwa mdomo wa chini. Hapo Healing Brush itakusumbua. Kwa kuwa inachukua rangi kutoka ukingoni, itavuta wekundu wa mdomo na kuumwaga kidevuni kama rangi iliyoloa maji. Ukiona doa la namna hiyo, Ctrl+Z, na badilisha zana uchukue Clone Stamp, ambayo inakopi kitu kama kilivyo bila kuchanganya. Brashi ndogo, Sample vilevile Current & Below, na ngozi ya kuazima iwe hatua chache tu kutoka pale, yenye mwanga uleule. Kanuni hii inafaa kila penye mpaka: nyusi, pua, laini ya nywele, ukingo wa joho.

Madoa meusi ya chunusi zilizopona

Hapa ndipo kazi ilipo, hasa kwa ngozi zetu. Chunusi ikipona kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huacha doa la giza linaloweza kukaa miezi. Mhitimu wetu ana madoa kama kumi na mawili kwenye shavu moja. Ukiyafuta yote kwa Healing Brush, shavu zima litakuwa ngozi ya kuazima, na viraka vitaonekana. Na kama nilivyosema, vitundu vilivyomo ndani ya doa ni vizima. Hatuna sababu ya kuvifuta. Tunachohitaji ni kuliinua doa lifikie mwanga wa jirani zake, na vitundu vyake vikiwa humohumo.

Weka leya ya Curves juu ya zile leya mbili. Shika katikati ya mstari, uinue kidogo tu, picha nzima ing'ae kidogo. Kisha Ctrl+I, maski ya leya hiyo, yaani kile kinachoamua ung'avu uonekane wapi, inakuwa nyeusi na ung'avu unafichika; ukipaka nyeupe unarudi pale ulipopaka tu. Sasa chukua brashi ya kawaida, rangi nyeupe, Hardness 0, Flow kati ya asilimia 2 na 4. Hapa brashi laini ndiyo inayotakiwa, kwa sababu tunabadilisha mwanga tu, umbile halihami. Brashi iwe ndogo kuliko doa. Pitisha mara moja, mara mbili, mara tano, doa linapanda polepole kama chai inavyobadilika rangi ukiongeza maziwa kidogokidogo. Simama kabla halijalingana kabisa na ngozi ya pembeni. Shavu la mtu halina rangi moja, na ukilisawazisha mno umerudi kwenye plastiki kwa mlango wa nyuma.

Kuona madoa vizuri, weka leya ya Black & White juu ya zote kwa muda. Rangi ikiondoka, unabaki na mwanga na giza peke yake, na yale madoa yanajitokeza kama mawingu. Zima hiyo leya kila baada ya dakika chache uone picha ilivyo kweli.

Tatizo moja hujitokeza hapa: doa limeshapanda mwanga, lakini rangi yake haifanani na jirani. Limekuwa la kijivu, kama jivu lililopakwa, au limekuwa jekundu mno. Mwanga umelingana, rangi haijalingana. Fungua leya tupu juu yake, ibadilishe kutoka Normal kuwa Color. Kwa brashi, bonyeza Alt kwenye ngozi nzuri kando ya doa kuchukua rangi yake, kisha pitisha juu ya doa kwa Opacity ya asilimia 10 hadi 15. Leya ya Color haigusi mwanga wala vitundu, inabadilisha rangi tu. Mara mbili hivi zinatosha.

Jambo lingine kuhusu shavu hili. Kuna mng'ao juu ya mfupa wa shavu na kwenye paji la uso. Usiuondoe. Kwenye ngozi nyeusi, mng'ao ndio unaochora umbo la uso kwa kiasi kikubwa. Ukiuzima, uso unalala bapa kama umepigwa pasi. Mng'ao ukizidi hadi kuwa mweupe kabisa, hakuna tena taarifa ya ngozi pale, na hapo unaweza kuazima ngozi kwa Clone Stamp yenye Opacity ndogo, asilimia 20 hivi. Lakini mng'ao wa kawaida uache, na uutumie kama kipimo: kwenye asilimia 100, mng'ao ulio juu ya ngozi halisi umekatikakatika, una vidoti vidogo vya giza ambavyo ni vitundu. Ukiona mng'ao umenyooka kama wa sufuria mpya, pale umbile limekufa, rudi nyuma.

Nywele zilizotoroka

Nenda kwenye leya ya "nywele". Uzi wa rasta uliokatiza shavu una upana wa pikseli tatu au nne. Watu huufuta uzi na kusahau kwamba una kivuli chake, mstari mwembamba wa giza uliolala kando yake upande wa kushoto, mbali na dirisha. Ukiacha kivuli, mtazamaji ataona kovu refu kwenye shavu. Brashi iwe na upana wa kumeza vyote viwili, pikseli 12 kwa picha hii, na ufute vipande vifupi vya urefu wa kucha, kila kipande kikiazima ngozi iliyo sambamba nacho. Healing Brush inafaa katikati ya shavu. Uzi unapofika karibu na mdomo, na kule juu unapoingia kwenye laini ya nywele, acha Healing Brush na umalizie na Clone Stamp. Pale juu usiukate ghafla. Upunguze ufifie ndani ya nywele nyingine, vinginevyo utabaki na kisiki.

Nywele zilizosimama kwenye ukuta mweupe zina njia yake ya haraka. Fungua leya nyingine tupu, ibadilishe kutoka Normal iwe Lighten. Chukua Clone Stamp, bonyeza Alt kwenye ukuta sentimita moja kutoka kwenye unywele, kisha pitisha juu ya unywele. Leya ya Lighten inaonyesha pikseli ile tu iliyo na mwanga kuliko ya chini yake, kwa hiyo unywele mweusi unafunikwa, na ukuta wenyewe karibu haubadiliki. Ubadilishe leya yenyewe, si Mode ya brashi. Mode ya brashi inajilinganisha na kilichomo ndani ya leya uliyopo, na leya yetu ni tupu, kwa hiyo haitakusaidia kitu. Kwa ukuta mweusi na nywele zenye mwanga wa nyuma, tumia Darken badala yake.

Ukuta uliopigwa picha una chenga zake ndogo. Clone Stamp inakopi na chenga zile, ndiyo maana naipendelea hapa. Ukitumia ukungu kufuta nywele, ukuta utakuwa na njia laini zisizo na chenga pale nywele zilipokuwa, na kwenye picha kubwa zinaonekana kama njia za konokono.

Sasa kiasi. Usifute nywele zote zilizosimama. Kichwa chenye ukingo uliokatwa safi kote kinaonekana kama kimevaa kofia ya pikipiki. Ondoa zile ndefu zinazojitenga, zile zinazopita mbele ya jicho au mdomo, na zinazosimama peke yake dhidi ya mwanga. Zile fupi zinazofuata umbo la kichwa ziache. Malaika wa kwenye paji la uso, hasa dada akiwa amezilaza kwa jeli, hizo usiziguse kabisa. Amekaa mbele ya kioo kuzipanga.

Kuhakiki

Ukimaliza, ondoka kwenye kompyuta dakika kumi. Kunywa maji, jibu simu. Ukirudi, tazama picha ikiwa nzima kwenye skrini, kisha bonyeza Alt kwenye jicho dogo lililo kando ya leya ya Background, ili leya nyingine zote zizimike na kuwaka. Ukizima na kuwasha, mtu awe yuleyule. Ukijikuta unaona watu wawili, umezidisha.

Hapo ndipo leya tupu inapokulipa. Leya ya Curves mimi huishusha Opacity hadi asilimia 70 au 80 karibu kila mara. Madoa yanarudi kidogo, na uso unapata pumzi. Leya ya chunusi naiacha kamili, kwa sababu chunusi iliyofutwa nusu inaonekana kama kosa la kamera. Kidoti cha binti wa yule mama, kama ningekuwa na leya, ningekirudisha kwa kufuta bonyezo moja.

Kuna picha ambazo njia hii haiwezi kuziokoa. Mtu akikuletea picha ya simu iliyopigwa na hali ya urembo ikiwa imewashwa, vitundu vimeshafutwa na simu yenyewe kabla faili haijahifadhiwa. Hakuna umbile la kuazima. Wengine huongeza Add Noise, lakini chenga zilizotawanyika sawasawa hazina mwelekeo wa mwanga, hazifuati umbo la shavu, na uso unafanana na ukuta wa plasta. Hapo mwambie ukweli mteja, muombe faili ya asili, au mpige upya akiwa amezima hali hiyo kwenye mipangilio ya kamera.

Kwa mhitimu wetu, kazi yote ilichukua dakika 35 hivi, zaidi ya nusu zikiwa kwenye lile shavu la kushoto. Chapisha kwanza kipande kidogo, shavu na kidevu tu, kwenye karatasi ileile utakayotumia. Karatasi ya kung'aa inaonyesha viraka vingi kuliko isiyong'aa. Kipeleke dirishani, kigeuze taratibu kama alivyogeuza yule mama, na utafute vitundu kwenye mng'ao wa shavu. Vikiwepo, chapisha iliyobaki.